Karameli ya sukari kavu: mikebe minne ya kwanza tamu, miwili ya mwisho chungu. Sufuria moja!

Binti_Kibokoni, Ijumaa saa 3:10 usiku

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Napika pudini za oda hapa Mji wa Kale. Karameli yangu ni ya sukari kavu, bila tone la maji, kama nilivyofunzwa na nyanyangu. Leo nimepata jambo ambalo silielewi, na kesho kutwa nina oda ya watu wa arusi.

Nimepima sukari gramu 200, nikaimwaga yote pamoja kwenye sufuria nyeusi isiyonata, gesi moto wa kati. Ikaanza kuyeyuka pembeni, nikakoroga kwa mwiko, ikafanya madonge, madonge yakayeyuka. Ilipofika rangi ya chai na harufu nzuri nikazima. Nikaanza kumimina kwenye mikebe sita, mmoja mmoja, nikizungusha kila mkebe ili karameli ipande ukutani kabla ya kwenda kwa mwingine.

Pudini zimeiva vizuri, lakini nilipoonja, mikebe minne ya mwanzo ni tamu, wa tano una uchungu kidogo, na wa sita hauliki. Sukari ni ile ile, sufuria ile ile, na moto nilishazima. Uchungu umetoka wapi?

---

Kisauni_Jikoni, saa 3:22 usiku

Shoga, tia ndimu. Matone machache tu ndani ya sukari na haitakuwa chungu tena. Mimi hufanya hivyo kila siku na haijanigandia hata mara moja.

---

Mwl_Tudor, saa 3:40 usiku

Dada, sukari ya kawaida inayeyuka kwa nyuzi 186 za selsiasi. Chini ya hapo ni punje, juu ya hapo ni karameli, na ukizidi sana inaungua. Nunua kipimajoto, simama kwenye 186, na tatizo lako limekwisha. Nafundisha kemia, hii namba imo kwenye majedwali yote.

---

Ami_Tamutamu, saa 4:05 usiku

Mwanangu Binti, waaleikum salaam. Nimepika vitamutamu kwenye jikoni za hoteli za pwani ya kaskazini kwa miaka mingi, na hili lako nimelitambua kwa ile mikebe sita. Umejipa jibu mwenyewe bila kujua.

Ulizima moto, ndiyo, lakini hukuizima sufuria. Kitako cha sufuria kilikuwa na joto kuliko sukari iliyokuwa ndani yake, na joto hilo likaendelea kuingia kwenye sukari dakika nzima ulipokuwa ukizungusha mikebe. Mkebe wa kwanza ulipokea karameli ya wakati ule uliozima. Wa sita ulipokea karameli ya dakika moja na nusu baadaye, na tena ilikuwa kidogo. Ulipoanza, gramu 200 ziligawana joto la kitako. Mwishoni zimebaki gramu 30 peke yake juu ya chuma kile kile, basi zikapanda haraka zaidi. Hazikuwa na mahali pa kukimbilia.

Kuna neno letu moja ambalo nadhani linachangia. Sisi husema "kuunguza sukari" tukimaanisha karameli, na tukisema "sukari imeungua" tunamaanisha imeharibika. Mwanafunzi jikoni akiambiwa aunguze sukari, huiunguza kweli. Mimi nilikuwa nikiwaambia "iivishe". Sukari inaiva kwa hatua kama tunda, na kati ya kuiva sana na kuharibika pana nafasi ndogo mno.

Nitarudi niandike hatua zenyewe. Mwalimu wa Tudor, hiyo 186 tutaizungumza pia, kwa sababu ni nusu ya ukweli.

---

MamaKashata_Likoni, saa 4:18 usiku

Ami, kabla hujaendelea. Mimi natengeneza kashata za njugu kwa sukari hiyo hiyo kavu, nauza karibu na feri. Zangu si chungu, lakini msimu wa mvua zinanata mkononi kama gundi baada ya saa mbili. Je, nazo zimeungua? Au nizipike zaidi zikauke?

---

Ami_Tamutamu, saa 4:55 usiku

Mama, zako nitazijibu mwisho, usiondoke.

Sasa hatua. Hizi ni nyuzi nilizozoea kuzisoma kwa kipimajoto cha sindano, kwenye sufuria ya chuma cheupe. Rangi naziita kwa vitu tunavyovijua hapa, maana kila mtu na chai yake.

Mwanzoni hakuna rangi. Punje za pembeni zinalowa, zinang'aa kama zimemwagiwa maji, kisha zinakuwa uji mwembamba. Ukipima kidimbwi hicho utapata nyuzi 165 hadi 170, na kitabaki hapo muda, kwa sababu punje ambazo hazijayeyuka zinanyonya joto. Hii ndiyo hatua ya kuwa na subira. Rangi ni manjano ya majani makavu, harufu ni ya utamu mtupu.

Punje zikikaribia kwisha, kipimajoto kinaanza kukimbia. Karibu na 175 una asali. Karibu na 180 una kaharabu, ile ya tasbihi, na hapo ndipo harufu inageuka na kuwa ya siagi na njugu za kukaanga. Kwenye 185 hadi 188 una chai ya mkandaa, nyekundu ukiishika kwenye mwanga. Kwa pudini hapo ndipo napapenda: utamu umepungua, uchungu umeingia kidogo tu, kiasi cha kuukata utamu wa maziwa na mayai.

Kutoka 190 hadi 195 ni rangi ya tende kavu. Bado inalika, na wapo wanaoitaka, hasa kwa sosi itakayotiwa krimu nyingi. Lakini hapo povu dogo linaanza kupanda pembeni, na ukiinamisha kichwa uone juu ya sufuria dhidi ya ukuta mweusi, utauona moshi mwembamba sana. Huo moshi ndio kengele. Kwenye 200 na kitu una kahawa tungu, moshi unaonekana na kila mtu, na harufu inakuchoma puani. Ukifika 210 una mkaa unaonata, na hakuna maziwa wala chumvi ya kuurudisha.

Angalia sasa nafasi zilivyo. Kutoka punje za kwanza kulowa hadi zote kuyeyuka unaweza kuchukua dakika 6 au 7 kwa moto mdogo. Kutoka chai ya mkandaa hadi kahawa tungu ni nyuzi 15 tu, na kwenye sufuria yenye moto ni chini ya dakika moja. Kwa hiyo mpishi huchoka wakati wa kusubiri, anageuka kuchukua mikebe, na akirudi imekwisha.

---

Mwl_Tudor, Jumamosi saa 1:30 asubuhi

Ami, heshima yako. Lakini unasema kidimbwi ni nyuzi 165 na sukari imeyeyuka? Chini ya 186? Hilo linapingana na jedwali.

---

Ami_Tamutamu, saa 2:15 asubuhi

Mwalimu, barafu ina kiwango chake cha kuyeyuka kwa sababu inabaki kuwa maji ile ile. Sukari haiko hivyo. Ikipashwa moto haiyeyuki tu, inavunjika huku inayeyuka: inagawanyika kuwa glukosi na fruktosi, na hizo zinapoteza maji na kuungana upya kuwa vitu vya rangi na harufu. Vile vilivyovunjika vinachanganyika na ambavyo havijavunjika na kuvifanya viyeyuke mapema zaidi. Kwa hiyo ukiipasha haraka sana, unaiona ikiyeyuka karibu na hiyo 186 yako. Ukiipasha polepole, inalegea mapema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliandika jambo hili mwaka 2011, na jikoni tulikuwa tukiliona bila kujua jina lake.

Jaribu mwenyewe. Tandaza sukari nyeupe kwenye sinia, iweke kwenye oveni ya nyuzi 150, igeuze kila nusu saa. Baada ya saa tatu nne itakuwa na rangi ya mchanga na harufu ya karameli, na bado ni punje. Haijayeyuka, lakini imeanza kuiva.

Maana yake kwa Binti ni hii: rangi inatokana na joto na muda vyote viwili. Ukikaa kwenye 175 dakika nyingi, utapata rangi ambayo mwenye haraka anaipata kwenye 185. Kwa hiyo nyuzi nilizoandika ni za moto mdogo hadi wa kati, wa kawaida. Usizishike kama sheria. Macho na pua kwanza, kipimajoto ni shahidi.

---

Mwl_Tudor, saa 2:31 asubuhi

Nimekuelewa. Nitalijaribu hilo la oveni, na nikilithibitisha nitawaonyesha wanafunzi wangu. Niliifundisha 186 kama namba isiyobadilika.

---

Bonde_la_Ufa, saa 3:02 asubuhi

Niko Nakuru lakini nimeolewa Bamburi, nafuata uzi huu kwa hamu. Jambo moja mmelisahau: mwinuko. Huku kwetu maji yanachemka kabla ya 100, kwa hiyo nyuzi zote za sukari lazima zipunguzwe. Mtu wa Mombasa akisema 185, mimi natakiwa kusoma kama 179 hivi.

---

Ami_Tamutamu, saa 3:20 asubuhi

Mwanangu, uko sahihi kwa sharubati. Sukari ikiwa na maji ndani, kama ya kaimati, joto la kuchemka linategemea hewa inayokandamiza maji, na huko Nakuru kuna tofauti ya kweli. Lakini sukari kavu haina maji ya kuchemka. Kuvunjika kwake hakujali mlima. Karameli kavu ya 185 ni ile ile Nakuru na ile ile Nyali.

Ila umenikumbusha kitu chenye faida. Sisi tulio usawa wa bahari tuna njia rahisi ya kukipima kipimajoto: kitie kwenye maji yanayochemka kwa nguvu, kisiguse kitako. Kikisema 100 ni kizima. Kikisema 96, basi ujue kinakudanganya nyuzi nne, na nyuzi nne kwenye karameli ni nyingi. Wewe wa Nakuru fanya vivyo hivyo, ila tarajia 94 au karibu na hapo.

---

Kisauni_Jikoni, saa 3:45 asubuhi

Na ndimu yangu mbona hakuna aliyeijibu? Nimeitumia miaka.

---

Binti_Kibokoni, saa 3:58 asubuhi

Dada Kisauni, unatia maji pia, au sukari kavu kabisa?

---

Kisauni_Jikoni, saa 4:06 asubuhi

Natia maji nusu kikombe. Hiyo si ndiyo karameli?

---

Ami_Tamutamu, saa 4:30 asubuhi

Hapo ndipo tulipopishana. Kwenye sukari ya maji, ndimu ina kazi kubwa: inavunja sehemu ya sukari na kuizuia isirudi kuwa punje. Ndiyo maana yako haigandi, na endelea nayo. Kwenye sukari kavu hatari ya kugandana si hiyo, na ndimu haizuii kuungua. Ikifanya lolote itaharakisha kuvunjika, maana asidi ni mchochezi. Haitamwondolea Binti uchungu.

---

Shangazi_Mtwapa, saa 5:12 asubuhi

Mbona mnajisumbua hivi? Karameli mnachemsha kopo la maziwa mazito ya sukari kwenye sufuria ya maji saa tatu, mnafungua, imekwisha kuwa ya kahawia. Haiungui hata siku moja.

---

MamaKashata_Likoni, saa 5:20 asubuhi

Shangazi, ile ni tamu kweli lakini ni kitu kingine. Mle rangi inatoka kwa maziwa na sukari kukutana. Haiwezi kukaa chini ya mkebe wa pudini ikatoa ule mchuzi. Na tafadhali maji yasipungue yakaacha kopo wazi, mimi nimeona moja likipasuka kwa jirani.

---

Binti_Kibokoni, saa 8:40 mchana

Nimeazima kipimajoto cha sindano kwa ndugu yangu. Maji yalipochemka kilisema 99. Nimerudia na gramu 200 kwenye ile sufuria yangu nyeusi, nikaandika kila kitu. Naweka hapa mnisaidie kusoma.

Dakika ya 2, pembeni panalowa. Dakika ya 4, nusu imeyeyuka, kipimajoto kinasema 191, lakini rangi ni ya manjano! Dakika ya 5, kinasema 204, rangi nadhani ni asali lakini kwa sababu sufuria ni nyeusi sina hakika. Nikaogopa nikazima. Nilipomimina kwenye sahani nyeupe ikawa kaharabu nzuri tu, tamu kabisa. Kipimajoto kimeharibika, au nyuzi za Ami si zangu?

---

Ami_Tamutamu, saa 9:15 mchana

Vyote viwili vizima. Hebu tupige hesabu. Sufuria yako ina upana gani?

---

Binti_Kibokoni, saa 9:18 mchana

Sentimita 24.

---

Ami_Tamutamu, saa 9:42 mchana

Gramu 200 za sukari zikiyeyuka zote na kutandaa kwenye kitako cha sentimita 24 zinafanya tabaka la milimita 3. Sindano yako haina mahali pa kuzama. Ncha yake imegusa chuma, na umepima sufuria. Hiyo 204 ni kitako, na imekuonyesha kile tulichokuwa tukisema jana: chuma kina joto kuliko sukari, na ukizima kitaendelea kuilipa sukari deni lake.

Ukitaka kupima, inua sufuria kutoka kwenye moto, iinamishe ili karameli yote ikusanyike kona moja, zamisha ncha katikati ya kidimbwi bila kugusa chuma, hesabu hadi tano, soma. Wenye vile vipimajoto vya mwanga wa kuelekeza, elekezeni kwenye sukari yenyewe, msielekeze kwenye chuma kinachong'aa, maana chuma kinachong'aa husomeka baridi kuliko kilivyo.

Na hiyo sufuria nyeusi iache kwa mayai. Kwenye weusi, kaharabu na tende ni kitu kimoja. Tumia ya chuma cheupe au hata ya alumini ya kawaida, nzito kidogo kitako ili moto usikusanyike katikati. Karibu nayo weka sahani nyeupe. Chovya ncha ya kijiko, dondosha tone kwenye sahani. Ndani ya sufuria karameli ni nene na inaonekana nyeusi kuliko ilivyo, kwenye sahani tone ni jembamba na linaonekana jepesi kuliko ilivyo. Ukiyatazama yote mawili, ukweli uko katikati, na baada ya mara tatu nne jicho lako litaujua.

Sasa namna ya kuianza. Usimwage 200 zote pamoja. Tandaza kama vijiko vitatu vya mezani, moto mdogo unaoelekea kati, usikoroge. Vikilowa na kuwa kama maji, nyunyizia vingine vitatu pale penye kidimbwi, tikisa sufuria tu. Endelea hivyo. Kila sukari mpya inaipoza iliyotangulia, kwa hiyo iliyotangulia haikimbii mbele. Ukimwaga yote mara moja, ya chini inafika tende wakati ya juu bado ni punje, na ukikoroga mapema punje zinajifunika sukari iliyoyeyuka na kuwa madonge. Madonge yakitokea usiongeze moto! Punguza, na uyasubiri. Yatayeyuka.

Halafu la kumimina, ndilo lililokuumiza. Weka beseni lenye maji ya baridi, kina cha vidole viwili, kando ya jiko. Mikebe yote sita iwe imeshapangwa na ina uvuguvugu. Zima moto mapema, kwenye kaharabu, karibu 180. Iache ipande yenyewe huku unazungusha. Ikifika chai ya mkandaa, gusisha kitako kwenye maji ya beseni sekunde tatu. Kitalia shiii. Ondoa, mimina mikebe yote sita upesi bila kuzungusha hata mmoja, kisha ndipo uanze kuizungusha. Kwenye mkebe mwembamba inapoa yenyewe, haiivi tena. Ukiizidisha kwenye beseni itakuwa nzito kumimina. Irudishe juu ya moto mdogo sekunde chache.

Na maji ya beseni yasirukie ndani ya sukari. Karameli ya nyuzi 185 ikigusa ngozi haitiririki kama maji ya moto, inashika na kuendelea kuchoma. Ikikurukia, mkono moja kwa moja chini ya bomba la maji ya kawaida, dakika 20, usibandue kwa kucha. Watoto wasiwepo jikoni.

---

MamaKashata_Likoni, saa 10:30 jioni

Ami, kashata.

---

Ami_Tamutamu, saa 10:51 jioni

Samahani mama. Zako hazijaungua na kuzipika zaidi hakutasaidia. Sukari ya karameli kavu haina maji karibu hata kidogo inapotoka motoni. Unyevu unaoinatisha unatoka nje, kwenye hewa ya bahari, maana karameli huvuta maji ya hewa. Na kadiri ulivyoivisha ndivyo inavyovuta zaidi, kwa sababu vile ilivyovunjika vina kiu kuliko sukari nzima. Wewe simamia kwenye asali au kaharabu, usifike chai. Zipashe njugu kwenye kikaango kabla hujazitia, njugu baridi zinaigandisha sukari kabla haijashika vizuri. Na zikipoa tu, kabla hazijakaa wazi, ziingie kwenye mkebe wenye kifuniko kinachokaza. Msimu wa masika toa za kuuza kidogo kidogo.

---

MamaKashata_Likoni, saa 11:05 jioni

Mimi nilikuwa naziivisha zaidi kila mvua zikizidi, nikidhani zitakauka. Kumbe nilikuwa naziongezea. Shukrani.

---

Binti_Kibokoni, Jumapili saa 4:25 asubuhi

Narudi na majibu. Oda ya arusi imeshatoka.

Sufuria ya alumini ya mama, kitako kizito. Sukari nyeupe gramu 200, mafungu matano. Fungu la kwanza lilichukua dakika 3 kulowa, mengine yakaenda haraka zaidi. Jumla dakika 9 hadi punje ya mwisho. Niliinamisha, nikapima: 173, rangi ya asali mbichi. Nikaendelea moto mdogo, dakika moja hivi, 181, tone kwenye sahani kaharabu. Nikazima hapo, mkono ukitetemeka kwa sababu ilionekana bado changa. Nikazungusha nikihesabu. Baada ya sekunde 40 nilipima tena, 188! Moto umezimwa na imepanda nyuzi saba mbele ya macho yangu. Nikaigusisha beseni, nikamimina sita bila kuzungusha, kisha nikazungusha.

Nilibakisha tone la kila mkebe kwenye sahani, nikaonja kuanzia wa kwanza hadi wa sita. Ladha ni moja. Wa sita rangi imezidi kidogo sana, ladha haijazidi.

Lakini kuna jambo. Jana usiku nilifanya majaribio kwa ile sukari ya dukani ya kahawia, kwa sababu nyeupe ni ghali na mikebe kumi na tano inakula sukari. Mafungu yale yale, moto ule ule. Povu lilikuja mapema, kwenye 172 tayari ilikuwa rangi ya chai, na kwenye 183 kulikuwa na moshi na ladha imeshakuwa chungu. Mbona ya kahawia inawahi hivyo?

---

Mwl_Tudor, saa 4:50 asubuhi

Nadhani ni mabaki ya molasi. Yana glukosi na fruktosi ambazo tayari zimevunjika, na fruktosi huanza kubadilika rangi kwenye joto dogo zaidi. Pia yana madini na vitu vingine visivyo sukari, navyo huungua kivyake. Ami atanisahihisha.

---

Ami_Tamutamu, saa 5:20 asubuhi

Hapo mwalimu sina la kukusahihisha. Na ongeza kwamba sukari hiyo ina rangi yake tangu mwanzo, kwa hiyo jicho linadanganywa: unaona chai kabla haijawa karameli. Ukiitumia, zima kwenye 170 na uisikilize pua, si rangi. Mimi kwa pudini ningenunua nyeupe. Gramu 200 kwa mikebe sita si gharama ya kuharibia jina.

---

Kisauni_Jikoni, saa 5:41 asubuhi

Hapo sikubaliani, Ami. Pudini ya sukari ya kahawia ina ladha ya nyumbani ambayo nyeupe haina. Marehemu mama alitumia hiyo tu, tena kwenye seredani, bila kipimajoto.

---

Ami_Tamutamu, saa 5:58 asubuhi

Mungu amrehemu. Na kwenye seredani aliweza kwa sababu alikuwa akiondoa sufuria na kuirudisha, ndivyo walivyofanya wote, makaa hayana kitufe. Kama unakumbuka alikuwa akiiondoa kwenye rangi gani, tuandikie hapa, mimi ningependa kujua.

---

Kisauni_Jikoni, saa 6:10 mchana

Alikuwa haangalii rangi. Alikuwa akisema "ikinukia njugu, toa." Ilikuwa bado ya manjano alipokuwa akiitoa.

---

Binti_Kibokoni, saa 6:14 mchana

Ikinukia njugu ndiyo ile 180 ya Ami kwa nyeupe. Kwa ya kahawia nitaipima wiki ijayo, harufu ikija nitasoma nyuzi hapo hapo na kuziandika hapa. Nikipata chini ya 170, nitakuwa nimeshajua mama yako alikuwa akisimama wapi.